Namna ya Kuwakimbiza Abiria Wapya

Mwongozo huu ni wa dereva wa bodaboda mwenye heshima zake. Namsema yule aliyekaa kijiweni si chini ya miaka sita, anayejua kila chochoro, mwenye abiria wake kumi na wawili wa kudumu, na asiyetaka usumbufu wa kupigiwa simu na watu asiowajua. Kama bado unagombania vichwa stendi kwa kuvuta mabegi ya watu, geuza ukurasa, haya hayakuhusu.

Elimu hii nimeipata kijiweni kwetu Goba, huku kwenye vilima vya wilaya ya Ubungo, Dar es Salaam, kwa kuwatazama mabingwa wawili. Wa kwanza ni mwenyekiti wetu wa kijiwe, ambaye sijamwona akipata abiria mpya tangu nimfahamu, wala sijamsikia akilalamika. Wa pili tunamwita Chocho. Huyo nitamtumia kama mfano mbaya, maana alikuwa kijana mzuri tu mpaka siku alipoharibika.

Kanuni ya kwanza: mdharau mgeni

Mwenyeji hana shida. Anapanda, anasema "nyumbani", mnaondoka. Mgeni ndiye tatizo. Anashuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, begi begani, kuku kwenye kikapu, na anakokwenda hakujui. Anachojua ni namba ya simu ya dada yake. Hapo ndipo ustadi wako unapotakiwa. Omba uongee na huyo dada, usikilize maelezo kwa utulivu:

"Kaka, njoo na barabara ya Goba, ukipita sheli ya pili ingia kushoto. Kuna mwembe, yaani ulikuwepo, waliukata. Hapo kata kama unakwenda kwa mchungaji, siyo yule wa zamani, huyu mpya. Ukifika uliza kwa Mama Neema."

Sema, "Napajua hapo." Usiseme lolote jingine. Kisha zunguka nusu saa, piga simu mara tano, ulizia kwenye maduka mawili, na mwisho mlaumu abiria kwa kutokujua kwake na umwongezee elfu mbili. Hatakupigia tena maishani. Kazi imekwisha vizuri.

Jiji hili limejengwa kwa maelezo ya namna hiyo, na kweli yana raha yake. Unashuka Tangi Bovu bila kuliona tangi, unashuka Kwa Msuguri bila kumsalimia Msuguri. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ilipita operesheni ya anwani za makazi: nyumba zikapewa namba, barabara zikawekewa vibao, na ikatolewa programu ya simu ya kuzitafutia, inaitwa NaPA. Nguzo ya kibao cha mtaa wetu sasa inafungiwa mbuzi. Namba ya nyumba yangu ipo mlangoni na kichwani haipo, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu nina hakika hata wewe ya kwako huijui.

Sasa tuone Chocho alivyoharibika.

Ilikuwa masika. Dada mmoja aliyefika na basi la Songea alisimama mbele ya madereva wanne pale stendi akiwa na simu mkononi. Akasema, "Kaka zangu, maelezo mimi sina. Nina lokesheni tu." Watatu walimjibu kama anavyopaswa kujibiwa: kitu hicho kinadanganya, kitatupeleka porini, mpigie mwenyeji wako. Mwenyeji wake alikuwa hapatikani. Chocho alikuwa wa nne, siku mbili hajafikisha hesabu ya bosi, na njaa humfanya mtu afanye mambo ya ajabu. Akamwambia dada amtumie ile pini kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaifunga simu juu ya usukani kwa mpira wa tyubu, wakaondoka.

Mpaka Goba hapakuwa na neno. Wakaingia vumbini kuelekea Kulangwa, vumbi ambalo siku hiyo lilikuwa tope, na hapo ndipo Chocho alipoona kituko chake cha kwanza. Pini iko mita 200 mbele yao, mabati ya nyumba karibu yanaonekana ng'ambo, lakini ramani inataka wazunguke kilomita mbili na nusu. Chocho akacheka. Ramani hii ni ya wenye magari, akasema, pikipiki inapita popote. Akashika kijia cha miguu kilichonyooka. Baada ya dakika tatu tairi la mbele lilikuwa limezama hadi ekseli, na mbele yao palikuwa na korongo lenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ubao wa kuvukia ulikuwa umeondoka na mvua ya usiku.

Dereva wa heshima angejifunza hapo kwamba ramani ni ya kijinga. Chocho akajifunza kinyume chake: pini ikiwa karibu na njia ikiwa ndefu, kati yenu kuna kitu. Inaweza kuwa ukuta au uzio wa kiwanja cha mtu, lakini kwetu Goba, penye vilima na mabonde, mara nyingi ni korongo. Ramani haikumwambia neno "korongo". Ilimwambia tu "zunguka", na yeye alikuwa hajaijua lugha yake.

Wakarudi, wakazunguka. Zimebaki mita 400, mstari wa bluu ukaingia moja kwa moja kwenye ukuta wa tofali. Safari hii ramani ndiyo iliyopitwa na wakati. Ukuta ulijengwa mwaka jana, na mchora ramani hakupewa taarifa. Lakini Chocho alikuwapo ulipojengwa, alibeba hata mafundi wake. Anajua kwamba nyuma ya kanisa kuna uchochoro unaopita chombo kimoja, na kwamba ukitokea upande wa pili unakutana na ile njia iliyokatwa. Akapita, na mstari wa bluu ukajipanga upya chini ya tairi lake.

Dada wa mgeni alikuwa getini na tochi. Simu yake ilikuwa imezima chaji usiku kucha. "Mmefikaje bila kunipigia?" Chocho alilipwa elfu tano bila kuombwa apunguze, akaombwa na namba. Ile namba ndiyo iliyomponza.

Fikiri mwenyewe jinsi ilivyotembea. Abiria wa kudumu akipenda huduma yako atakusifia kwa jirani yake, na jirani yake ana bodaboda wake tayari. Lakini mgeni husifia kwa wageni. Yule dada alikuwa muuguzi anayeanza kazi, akawapa namba wenzake watatu waliopanga huku juzijuzi. Mmoja wao ananunua nguo kwa wauzaji wa mtandaoni, akampa namba muuza nguo wa Kariakoo. Muuza nguo ana wateja kila kona ya jiji, hajawahi kufika kwa hata mmoja wao, na hana haja ya dereva anayejua kwa Mama Neema. Anataka dereva ambaye atatumiwa pini, atajibu "sawa bosi", na asisumbue tena. Mwezi haukuisha Chocho anapokea simu saa kumi na mbili asubuhi kutoka kwa watu ambao hata sura zao hazijui. Nyumba imeharibika.

Kanuni ya pili: ukilazimika kufuata pini, ifuate bila kuuliza

Ikitokea umekwishaingia katika uchafu huu, bado kuna njia ya kujinusuru. Usiulize swali lolote. Pini ni pini.

Chocho aliitii kanuni hii kwa wiki nzima na matokeo yake yalikuwa mazuri sana. Mama mmoja wa Matosa alimwagiza mtungi wa gesi, akatuma lokesheni. Chocho akafunga mtungi nyuma, akafuata mstari: Mbezi, Kimara, Ubungo, Magomeni, mpaka Posta. Akajikuta mbele ya jengo la ghorofa nyingi, mlinzi anamuuliza ule mtungi anampelekea nani. Mama alikuwa ghorofani, kazini. Alibonyeza pale simu inapotuma mahali ulipo, nayo ikatuma mahali alipo. Nyumba yake ilikuwa dakika tano kutoka dukani palipochukuliwa gesi.

Hapa ndipo alipoanza tabia mbaya ya kuuliza: "Mama, umetuma ukiwa umesimama wapi?" Swali hilo moja limemwokolea mafuta mengi kuliko plagi mpya. Kama mteja yuko kazini, anamwomba aifungue ramani, aisogeze kwa kidole mpaka alione paa la nyumba yake kwenye picha ya setilaiti, abonyeze hapo na kushikilia hadi pini itokee, kisha aitume hiyo. Kama mteja ametuma ile lokesheni inayotembea, ambayo WhatsApp huiachia dakika 15, saa moja au saa nane, Chocho anajua kwamba akifika atakuta mtu amekwisha panda daladala, na itabidi amfukuzie kituo hadi kituo.

Akaenda mbali zaidi, akaanza kutazama usahihi. Lokesheni inapokaribia kutumwa, simu humwambia mtumaji iko sahihi kwa mita ngapi. Mtu akisimama nje, mbingu nyeupe juu yake, simu ya kawaida hulenga kwa mita tano hivi. Akiwa sebuleni chini ya zege, simu inaanza kubahatisha kwa minara ya mtandao, na mduara unaozunguka ile nukta ya bluu unavimba kama andazi. Ukiambiwa mita 600, hiyo si nyumba ya mtu, ni mtaa mzima. Sasa Chocho anawaamrisha watu wazima kutoka nje na kusimama getini kidogo kabla ya kutuma, na wanatii. Mwenyekiti alipomsikia akimwambia mzee mmoja, "Shikamoo baba, naomba utoke nje kidogo," alitikisa kichwa kwa huzuni.

Kanuni ya tatu: namba ni za wahasibu

Siku moja yule muuza nguo alipakia boksi, na kwa kuwa mteja alikuwa amemtumia namba kwa meseji ya kawaida, akaziandika juu ya boksi kwa kalamu nene: 6.7312 39.1584. Chocho akaziingiza kwenye simu kama zilivyo. Ramani ikafikiri kidogo, ikamwonyesha Ethiopia.

Kijiwe kizima kilikusanyika. Mwenyekiti alifurahi ambavyo sijapata kumwona. Akasema, na wengi wakakubali, kwamba huo ndio ushahidi tuliokuwa tunaungoja: boksi la magauni linakwenda Goba na ramani inataka lipelekwe Ethiopia, kilomita kama 1,500 kaskazini kwa mwendo wa ndege, na elfu nane ya nauli. Nitakuongezea utamu ambao kijiwe hakikuujua: huko kusini mwa Ethiopia, katika nyanda za juu za Bale, kuna mji unaoitwa Goba. Kama Chocho angekwenda, angeweza kuulizia njia.

Kosa lilikuwa kistari. Namba ya kwanza inasema uko umbali gani kutoka ikweta, na Dar es Salaam iko kusini mwake, kwa hiyo namba hiyo lazima ianze na alama ya kutoa: -6.7312, 39.1584. Ukiacha kistari unavuka ikweta. Chocho akakiweka, pini ikarudi nyumbani. Lakini mwenyekiti hakuridhika, akachukua simu ajaribu mwenyewe, akaanza na namba kubwa kwa kuwa kubwa hutangulia: 39.1584, -6.7312. Ramani ikampeleka Hispania, upande wa magharibi, karibu na mpaka wa Ureno. Akairudisha simu bila neno.

Kwa hiyo ukitaka kubaki salama, usikumbuke kwamba kwa Dar ya kwanza ni 6 yenye kistari na ya pili ni 39. Na mteja akikusomea namba kwa simu, mkatize kabla hajamaliza. Tarakimu nne baada ya nukta hukufikisha kwenye nyumba, ukikosea sana ni mita kumi na kitu. Ukiandika mbili tu, -6.73 na 39.15, umebaki na eneo lenye upana wa kilomita nzima, na humo unaweza kutafuta mpaka jioni kwa raha zako.

Kuhusu bando

Kisingizio bora kuliko vyote, na nakipendekeza kwa kila mtu, ni kwamba ramani inakula bando. Usimruhusu mtu akueleze zaidi. Akianza kueleza atakwambia kwamba simu hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo juu kama kilomita 20,000, kwamba ikizisikia nne inajua iko wapi, na kwamba mawimbi hayo ni ya bure, hata bila laini ndani ya simu. Kinachokula bando ni picha ya ramani yenyewe, nayo unaweza kuipakua mara moja pale penye intaneti ya bure na kutembea nayo mfukoni.

Chocho alipakua jiji zima usiku mmoja, kwenye baraza la saluni ambayo mwenyewe alimpa neno la siri kwa malipo ya kupelekewa mtoto shule. Alichagua programu inayotumia ramani ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kawaida, na akaitumia kwanza kupaangalia Tandale alikokulia. Akanyamaza muda mrefu. Uchochoro wa nyuma ya kwao, ambao alidhani ni siri ya watoto sita tu duniani, ulikuwa umechorwa pamoja na mtaro wake. Tandale ilipimwa na wakazi pamoja na wanafunzi tangu 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaenda kata nyingine zinazofurika, wanafunzi wakitembea na simu mitaroni. Hawakuwa wakiwafikiria bodaboda, walikuwa wakitafuta maji ya mvua yanapita wapi. Chocho alisema tu, "Kumbe walipita."

Tangu siku hiyo akawa na yeye anachora. Ule ukuta wa Kulangwa aliuripoti. Uchochoro wa nyuma ya kanisa, hapana. Huo aliuacha, na katika yote aliyofanya hilo ndilo pekee ninaloliheshimu.

Kanuni ya mwisho: kijiwe kisionekane

Ubaya wa Chocho ulifika kileleni alipotaka kukiweka kijiwe chenyewe kwenye ramani. Si kazi ngumu, ndiyo maana ni hatari. Unabonyeza mahali penyewe na kushikilia, unachagua kuongeza mahali, unaandika jina, aina ya kazi, saa za kazi, namba ya simu, unaweka picha, halafu unangoja wakague. Ukitaka utambulike kuwa mhusika unaweza kuombwa video inayoonyesha eneo na kibao chenye jina. Hapo tukakwama, kwa sababu kijiwe hakikuwa na jina wala kibao. Kilikuwa na benchi.

Mwenyekiti alipinga kibao kwa hoja nzito: anayetujua anatujua. Chocho akapaka kibao mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya fundi, akapiga picha, akatuma. Wiki mbili baadaye namba ya kijiwe ikaanza kulia. Wageni wa nyumba za kulala wageni, wapangaji wapya, mtu wa vipimo vya ardhi aliyeishiwa mafuta, wote walioandika "bodaboda" kwenye simu zao na kutuona tumekaa hapo kama nukta nyekundu. Mmoja alitupa nyota moja na maneno: "Nimewakuta wamelala." Mwenyekiti aliomba asomewe mara mbili, akasema huyo angalau ni mkweli.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi uliopita, nilipopita kijiweni kumtafuta Chocho nikamkuta mwenyekiti amevaa kanzu, amekaa benchini, anatazama barabara. Siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kuleta posa ya binti yake, kutoka Morogoro, na walikuwa wameomba kuelekezwa nyumbani. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakutaka kumpa Chocho faida ya kumfundisha, hivyo asubuhi ile ile, akiwa hapo hapo benchini, amewatumia lokesheni mwenyewe.

Sikuwa na moyo wa kumuuliza.

Saa saba kasoro gari dogo jeupe likapunguza mwendo, likapita, likarudi nyuma, likasimama mbele ya kibao cha Chocho. Wakashuka wazee wawili wa makoti na mama watatu wa vitenge vya sare, mmoja na kapu lililofunikwa kitambaa. Kijana aliyekuwa akiendesha alitazama simu, akatazama benchi, akatutazama sisi.

"Shikamoo wazee. Ramani inasema tumefika."

Mwenyekiti akainuka, akawapokea mkono mmoja mmoja, akawauliza habari za safari, habari za Morogoro, habari za mvua. Kisha, bila kugeuza uso:

"Chocho mwanangu. Chombo kina mafuta? Hebu tangulia, hawa wakufuate."